Homa ya ndege na mayai ya kuchemsha: sufuria inatosha, kreti ndiyo ya kuchunga

"Daktari, mimi nauza mayai boilo na smokie jioni karibu na steji ya Githurai. Kila homa ya ndege ikitajwa kwenye redio, wateja wanakwepa mayai, halafu baadaye bei ya kreti inaruka. Je, yai likichemshwa likaiva sawasawa linaweza bado kumwambukiza mtu? Na kwa nini mayai yanaadimika sokoni hata ugonjwa ukiwa nchi nyingine?"

Dada, yai likiiva mpaka kiini kikashikana chote, homa ya ndege haimfikii mlaji kupitia yai hilo. Shirika la Afya Duniani linataka chakula kitokanacho na kuku kifike nyuzi 70 za Selsiasi katika kila sehemu yake, na yai gumu hufika hapo na kupita. Tatizo liko kwenye neno "kuiva", hasa kwa mtu anayechemsha kreti nzima kwa mpigo juu ya jiko la makaa. Acha tuanze na yai lenyewe, tupite kwenye sufuria yako, ndipo tufike kwenye bei.

Virusi vinaweza kuwa ndani ya yai? Ndiyo, vinaweza. Homa ya ndege ile kali, kama H5N1, haiishii puani na kooni mwa kuku. Inasambaa mwili mzima, hadi kwenye viungo vinavyotengeneza yai. Kwenye mlipuko wa Pennsylvania, Marekani, wa 1983 na 1984, mayai ya kuku wagonjwa yalipopimwa, virusi vilipatikana kwenye ganda, kwenye ute mweupe na hata kwenye kiini. Kwa hiyo anayekwambia ganda linazuia kila kitu amekosea.

Kinachopunguza hatari ni jinsi ugonjwa wenyewe unavyokwenda. Kuku wa mayai akishikwa na aina hii kali, kutaga ni kati ya vitu vya kwanza kukatika. Mayai ya mwisho mara nyingi hutoka na ganda laini, au bila ganda kabisa, na kuku wenyewe hufa ndani ya siku chache, wengi bila kuonyesha dalili ndefu. Mfugaji hawezi kukosa kuona. Siku zenye mashaka ni zile chache kabla ya hapo, virusi vikiwa tayari mwilini na kuku bado anakula na kutaga kama kawaida. Yai la siku hizo linaweza kufika sokoni likiwa na sura nzuri tu. Hilo ndilo yai ambalo sufuria yako inapaswa kulimaliza.

Na hapa nikuondolee hadithi mbili tatu za sokoni. Hakuna njia ya kulitambua yai hilo kwa macho. Kuliweka kwenye maji uone kama litaelea kunakuonyesha umri wake tu, kwa sababu yai la zamani limejaa hewa zaidi upande ule mpana. Tone la damu ndani ya yai ni mshipa mdogo uliopasuka kuku alipokuwa akilitengeneza, halihusiani na ugonjwa huu. Na ile pete ya kijani inayozunguka kiini, ambayo wateja wengine wanakurudishia yai wakisema limeoza, ni madini ya chuma ya kiini yaliyokutana na salfa ya ute kwa sababu yai lilichemka muda mrefu. Kwa habari ya virusi, yai lenye pete ya kijani ni kati ya yale unayoweza kuyaamini zaidi sufuriani.

Sasa joto. Kirusi cha homa ya ndege ni kitu dhaifu kikiwa nje ya mwili. Kimefunikwa na utando wa mafuta, na juu yake kuna vijiti vya protini ambavyo hukitumia kushika seli na kuingia. Joto likipanda, protini hizo hulegea na kujikunjua, na zikishajikunjua hazirudi tena. Ni jambo lilelile unaloliona ute unapogeuka kutoka maji maji kuwa mweupe: protini zimebadilika umbo, na hata ukilipoza yai, ute haurudi kuwa maji. Shirika la Afya ya Wanyama Duniani, lenye makao yake Paris, limeandika vipimo vya kumaliza virusi hivi kwenye bidhaa zinazouzwa kati ya nchi na nchi. Yai zima lililopigwa linahitaji nyuzi 60 kwa sekunde 188, yaani dakika tatu na ushee. Kwa nyama ya kuku, nyuzi 60 zinadai sekunde 507, lakini nyuzi 70 zinamaliza kazi kwa sekunde tatu na nusu. Ona jinsi nyuzi kumi tu zinavyofupisha muda. Ndiyo maana jikoni tunashika hiyo 70 bila kubishana na saa ya sekunde.

Wewe huna kipimajoto cha kudunga ndani ya yai, na hukihitaji, kwa sababu kiini ni kipimajoto tosha. Ute huanza kuganda kwenye nyuzi 60 na kitu hivi, kiini huanza kuwa kizito karibu na nyuzi 65, na hushikana kikawa kigumu karibu na 70. Kata yai katikati kwa upana, usilikate kwa urefu, ili kisu kipite penye moyo wa kiini. Kama katikati pana unyevu unaong'aa, rangi ya chungwa iliyokolea, na kisu kinatoka na uji uji kama asali, sehemu hiyo haijafika. Kama kiini kimepauka, hakina mng'ao, na ukikibonyeza kwa kidole kinameguka kama unga wa ugali uliokauka, pale katikati joto lilipita. Katikati ndiko joto hufika mwisho, kwa hivyo kama hapo pameiva, kwingine kote pameiva pia.

Kuna jambo la Nairobi ambalo maelekezo ya kupika kutoka nchi za pwani na mabondeni hayalitaji. Jiji letu liko juu, karibu mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na huku juu maji huchemka kwenye nyuzi kama 94 badala ya 100. Hata ukikoleza makaa, maji yanayotokota hayapandi zaidi ya hapo, yanapungua tu kwa mvuke. Nyuzi 94 ni joto tele kwa kazi yetu, lakini yai linachukua muda mrefu kidogo kuiva kuliko la Mombasa. Shangazi wa Mombasa akikwambia dakika nane au tisa zinampa yai gumu, kwako haraka hiyo inaweza kukuachia kiini chenye moyo mbichi.

Twende kwenye sufuria yako sasa. Kreti moja ni mayai 30. Yai la kawaida lina gramu kama 60, kwa hivyo unatumbukiza karibu kilo 1.8 za mayai ya baridi. Tuseme una lita tatu za maji yanayotokota. Ukipiga hesabu ya joto, kama moto ungezimwa pale pale, maji na mayai yangekutana karibu na nyuzi 70, na hapo jiko lenyewe, sufuria na upepo havijakula sehemu yao. Maana yake, dakika za kwanza baada ya kutumbukiza mayai maji yako hayachemki hata kidogo. Muuzaji anayeanza kuhesabu dakika tangu yai lilipoingia anajidanganya, na makaa yakiwa yamefifia anaweza kujidanganya kwa dakika tano au zaidi.

Kwa hivyo hesabu uanze maji yakirudi kutokota, mapovu yakipanda kutoka chini pote, si pembeni tu. Tangu hapo acha dakika 12. Kama mayai ni yale makubwa ya kuku wazee, au yametoka kwenye friji, ongeza mbili. Maji yafunike mayai yote kwa kina cha vidole viwili, na ufunike sufuria, kwa maana yai linalochungulia juu ya maji linapikwa upande mmoja. Kwa kreti nzima tafuta sufuria inayobeba lita tano bila kumwagika. Maji yakiwa mengi, joto halishuki sana mayai yakiingia. Kama sufuria yako ni ndogo, gawanya mayai mara mbili badala ya kuyapanga ghorofa.

Kosa ninaloliogopa zaidi kwa wauzaji wa jioni ni la kuongeza mayai katikati. Wateja wamezidi, kumi yametolewa, kumi mabichi yanaingia kwenye maji yaleyale, na baada ya dakika tano hakuna anayejua lipi ni lipi. Ganda halisemi. Kama ni lazima uongeze, yaingie kwenye wavu au mfuko wa kamba unaoweza kuutambua, au uyachore kwa penseli. Halafu, kabla hujatoa sufuria yote, toa yai moja kutoka katikati ya rundo, pale penye msongamano, ulikate kwa upana kama nilivyosema. Hilo ndilo la mwisho kuiva. Likiwa na moyo unaong'aa, rudisha sufuria motoni dakika tatu na utoe lingine. Hasara ya yai moja kwa kreti unaweza kuimudu, na hata hilo mwenyewe utalila.

Yakishaiva, kazi inayobaki ni kutoyachafua tena, na hapo ndipo nadhani mayai mengi ya barabarani yanaharibikia. Virusi vya homa ya ndege hutoka kwa wingi kwenye kinyesi cha kuku, na kinyesi hukaa kwenye ganda. Ukishika mayai mabichi ya kreti, halafu kwa mikono hiyohiyo ukamenya yai lililoiva na kulipasua kutia kachumbari, umehamisha kilichokuwa nje ya yai moja hadi ndani ya lingine, na hilo la pili halirudi motoni. Mayai mabichi yaandaliwe yote kabla hujaanza kuuza, kreti iwekwe chini mbali na kisu na kachumbari, na mikono ioshwe kwa sabuni. Sabuni hapa ina maana ya kweli, maana inayeyusha ule utando wa mafuta wa kirusi. Maji matupu hayafanyi hivyo. Na maji ya kupozea mayai yawe safi na mapya. Yai la moto likiingia kwenye maji baridi, vilivyomo ndani vinasinyaa na kunyonya maji kupitia vitundu vya ganda na nyufa zozote. Ukipozea kwenye beseni ulilooshea mayai mabichi, unalinywesha yai maji hayo.

Kuhusu kuosha mayai mabichi, usiyaoshe na kuyarudisha kwenye kreti. Yai linatoka na utando mwembamba unaoziba vitundu vya ganda, na ukiuosha unafungua milango. Yenye kinyesi kingi yaache kwa muuzaji. Yenye madoa madogo yafute kwa kitambaa kikavu, au yaoshe dakika ileile unayoyapika, kwa maji ya uvuguvugu na si ya baridi. Yai lililopasuka na kulowa lisiingie sufuriani kamwe.

Friji haikusaidii dhidi ya kirusi hiki. Baridi inakihifadhi, na kugandisha kunakihifadhi zaidi. Friji ni kwa ajili ya bakteria, ambao kwa muuzaji wa mayai ya kuchemsha ndio adui wa kila siku kuliko homa ya ndege. Yai lililomenywa lisikae kwenye joto la kawaida zaidi ya saa mbili. Ni afadhali ubaki na mayai kwenye ganda, yakiwa moto juu ya jiko la toroli, na umenye mteja akiwa mbele yako.

Mayai mengine ya mjini hayana usalama huo. Yai la jicho lenye kiini kinachotikisika halijafika nyuzi 70. Chipsi mayai ya moto mkali inaweza kuungua chini ikiwa imelowa katikati, hasa ikipigwa nene. Igeuzwe, na ukiibonyeza kwa kijiko isitoe maji ya njano. Yai bichi ndani ya maziwa, wanaloliamini vijana wa jimu na waimbaji wa kwaya wenye koo zilizokauka, liachwe kabisa wakati ugonjwa unatajwa, na mayonesi ya kutengeneza nyumbani pia. Kibaya ni ubichi, na hapo hakuna tofauti kati ya yai la kienyeji na la gredi. Yai la kienyeji linaweza hata kuwa na mashaka zaidi, kwa sababu kuku wa kuzurura hukutana na ndege wa porini na kunywa nao maji mamoja.

Watu walioambukizwa tangu H5N1 ilipoingia kwa binadamu huko Hong Kong mwaka 1997, ambako 18 waliugua na sita wakafa, wengi walikuwa wameshika kuku wagonjwa au waliokufa, au walikuwa kwenye masoko ya kuku hai. Kuchinja, kunyonyoa na kufagia vumbi la kinyesi ndiyo njia kuu. Kwa upande wa chakula, kinachotiliwa shaka ni kile kilicholiwa kibichi, kama damu mbichi ya bata ambayo baadhi ya wagonjwa wa Vietnam walikuwa wamekula. Kama unasikia kuku wamekufa kwa wingi mtaani na jirani anawachinja haraka kabla hawajafa wote, hatari iko pale kwenye karai la manyoya. Sufuria yako ya mayai haina neno.

Sasa bei. Utashangaa kwamba homa ya ndege husukuma bei ya mayai pande mbili, moja baada ya nyingine. Kwanza inaishusha. Mwishoni mwa 2005 na mwanzoni mwa 2006, habari za ugonjwa zilipoenea, wafugaji wengi wa Kenya waliuza kuku wao kwa hofu na wateja wakakimbia, bei zikaanguka, na ugonjwa wenyewe ulikuwa bado haujapatikana nchini. Anayeuza kuku wa kutaga leo kwa hofu hana mayai miezi inayofuata. Hapo ndipo bei inageuka na kupanda.

Kwa nini inachukua miezi? Chukua mfugaji wa kufikirika huko Kiambu mwenye kuku 3,000 wa mayai, wanaotaga kwa asilimia 85. Kila siku anaokota mayai 2,550, yaani kreti 85. Homa ya ndege ikiingia kwake, wengi watakufa ndani ya siku chache, na waliobaki watauawa kwa amri, maana kuwaacha ni kufuga kirusi. Mayai yaliyo ghalani na mbolea ya chini navyo vinaharibiwa. Banda lisafishwe, lipigwe dawa ya kuua vijidudu, likae tupu. Kwa kanuni za Shirika la Afya ya Wanyama Duniani, nchi husubiri angalau siku 28 baada ya kuua kuku na kusafisha kabla ya kujitangaza safi tena. Mwekee mfugaji wetu wiki sita kwa yote hayo.

Halafu analeta vifaranga wa siku moja. Kuku wa mayai huanza kutaga akiwa na wiki 18 hadi 20. Tuseme 19. Wiki sita na 19 ni wiki 25, yaani siku 175. Zidisha kwa kreti 85: kreti 14,875 ambazo hazikufika Nairobi kutoka boma moja la wastani. Na hata siku ya kwanza ya kutaga, mayai ni madogo na machache. Banda hufikia kilele chake wiki kadhaa baadaye. Anaweza kufupisha njia kwa kununua mitetea iliyokaribia kutaga, lakini wakati wa mlipuko kila mtu anaitafuta mitetea hiyohiyo, na waliokuwa wakiikuza huenda nao wamepigwa. Linganisha na kuku wa nyama, ambaye kwa wiki tano au sita yuko tayari kwa kisu. Ndiyo maana nyama ya kuku hurudi sokoni mapema, na mayai yanachelewa.

Kule ambako mabanda ni makubwa sana, pigo linaonekana wazi zaidi. Marekani, boma moja linaweza kuwa na kuku zaidi ya milioni, na kuku mmoja mgonjwa anawaua wote. Wimbi lililoanza huko mwaka 2022 liliifikisha bei ya wastani ya mayai kumi na mawili kwenye dola 6.23 Machi 2025. Afrika Kusini ilipopigwa mwaka 2023, maduka ya Gauteng yalifika mahali pa kumpimia mteja idadi ya mayai ya kununua. Kwetu mabanda ni madogo na yametawanyika, jambo linalotupunguzia pigo la namna hiyo.

Kilichobaki ni mpaka. Sehemu ya mayai yanayoliwa Nairobi huingia kutoka Uganda kupitia Busia na Malaba. Januari 2017 Uganda ilipothibitisha homa ya ndege kwenye ndege wa porini na kuku wa kando ya Ziwa Viktoria, Kenya ilifunga mlango kwa kuku na bidhaa zake kutoka huko. Hakuna kuku wa Kiambu aliyehitajika kuugua. Njia moja ya mayai ilizibwa, na wanunuzi wote wakageukia wafugaji walewale wa ndani. Hilo ndilo jibu la swali lako la nchi nyingine. Marufuku hiyo haikuwekwa kwa sababu yai la Uganda lililochemshwa lingekuua. Iliwekwa kwa sababu ya lile yai likiwa bichi, kreti lake, na gari lililolibeba, vikisimama karibu na mabanda ya kuku wa Kenya.

Na kreti ndiyo sehemu yako wewe katika jambo hili. Kreti za karatasi huzunguka. Mfugaji anajaza, dalali anapeleka sokoni, muuzaji anamaliza mayai na kurudisha kreti tupu, na kesho yake imo ndani ya banda jingine kabisa. Karatasi inanyonya kinyesi na majimaji ya mayai yaliyovunjika, na huwezi kuiosha wala kuipulizia dawa ikafaa. Ukitaka njia ya kuhamisha kirusi kutoka shamba moja hadi jingine bila kuku kukutana, huwezi kubuni nzuri kuliko hiyo. Kreti ya karatasi iende kwako mara moja tu, kisha iwashe jiko. Kama mtu wako wa mayai anakudai kreti tupu, mwambie alete za plastiki. Hizo zisuguliwe kwa sabuni hadi uchafu uishe, ndipo zilowekwe kwenye dawa ya klorini na kukaushwa juani. Dawa ikimwagwa juu ya uchafu haifanyi kazi.

Maganda yako pia usimpe mtu wa kuku. Najua wafugaji wanayapenda kwa sababu ya kalisiamu, na maganda ya mayai yaliyochemka hayana kirusi, lakini kwenye ndoo ya mwisho wa jioni yamechanganyika na yale ya mayai yaliyovunjika mabichi. Yafunge kwenye mfuko uyatupe.

Kuna kitu kimoja cha kumuuliza anayekuletea mayai, na hakihitaji ukali: kuku wangapi wamekufa wiki hii, na mayai yamepungua? Akisema wamekufa wengi ghafla, vichwa vimevimba, upanga wa kichwani umekuwa wa samawati au mweusi, usinunue hata kwa bei ya kutupa, na umsihi amwite afisa wa mifugo wa wadi yake. Huenda ni kideri, ambacho huua kuku wengi nchini na dalili zake zinafanana mno na hizi. Kwa macho hata daktari hawezi kuapa, mpaka sampuli ipimwe maabara. Akikujibu kwamba amewachanja kuku wote, muulize chanjo ya nini. Ile ya kideri haimkingi kuku na homa ya ndege.